Vibambo 210 vya Tahadhari: Uhakiki wa Ufupishaji wa Mhadhara wa Malaria ya Nchelenge katika Manukuu ya Kifilipino

Ikisiri

Makala haya yanahakiki mazoea ya kupima ubora wa manukuu ya skrini kwa tarakimu pekee, yaani idadi ya vibambo katika mstari na kasi ya usomaji kwa sekunde. Mfano unaochambuliwa ni kifungu cha sekunde 14 katika mhadhara wa kitabibu unaohusu kipimo cha haraka cha malaria huko Nchelenge, kando ya Ziwa Mweru nchini Zambia, kikifupishwa kuwa manukuu ya Kifilipino kwa ajili ya wahudumu wa afya wa Palawan. Hoja kuu ni kwamba nukuu inaweza kutimiza masharti yote ya tarakimu na bado ikampotosha mhudumu. Aidha, neno linaloweza kuachwa kwa hadhira moja huenda likawa ndilo neno la lazima kwa hadhira nyingine. Makala yanahitimisha kwa kuonesha yale ambayo wapangaji wa sera ya manukuu ya Kiswahili wanaweza kuyachukua kutokana na mfano huu.

1. Utangulizi

Nchelenge ni wilaya ya Mkoa wa Luapula, kwenye ufuko wa mashariki wa Ziwa Mweru. Kwa watafiti wa malaria jina hili si geni. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010, Kituo cha Utafiti wa Magonjwa ya Tropiki cha Ndola, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Johns Hopkins na wenzao, kimekuwa kikifuatilia huko maambukizi ambayo yamebaki kuwa makubwa licha ya vyandarua na upuliziaji wa dawa ukoko majumbani. Ziwa, vijito na vinamasi vyake huwapa mbu mazalio ya mwaka mzima, na watu wengi hubeba vimelea bila kuonesha dalili. Kwa sababu hiyo, mahali hapa pamekuwa darasa: anayetaka kujua malaria inavyoishi pale inapokataa kuondoka hutazama Nchelenge.

Palawan, nchini Ufilipino, iko upande wa pili wa safari hiyo hiyo. Ufilipino imesogea karibu na kuitokomeza malaria, na Palawan ndiyo jimbo ambamo maambukizi ya ndani yameng'ang'ania kwa muda mrefu zaidi. Madaktari wa huko husoma na kufundishwa kwa Kiingereza, hivyo hawahitaji manukuu ili kuelewa mhadhara uliotolewa kwa Kiingereza. Wanaoyahitaji ni wahudumu wa afya wa ngazi ya barangay, yaani mtaa au kijiji, ambao ndio wanaomchoma mgonjwa kidole na kusoma mstari wa kipimo. Kwa hadhira hiyo Kifilipino si pambo la uzalendo, kwa kuwa ni lugha ambayo mtu anafanyia uamuzi.

Suala ninalolihakiki linatokea katikati ya pande hizi mbili. Mhadhiri akizungumza kwa kasi, mfasiri hana nafasi ya kuweka kila neno kwenye skrini. Lazima afupishe. Je, anafupisha kwa kufuata nini, na nani anayegundua akikosea?

Kifungu ninachokichambua nimekiunda kwa ajili ya uhakiki huu, kwa kufuata mafundisho ya kawaida kuhusu kipimo hicho. Muda wake na vibambo vyake vimehesabiwa kimoja kimoja, ili msomaji aweze kurudia hesabu mwenyewe.

2. Tarakimu na asili yake

Kibambo ni kila herufi, tarakimu, alama ya uakifishi au nafasi tupu. Masharti ya manukuu huwekwa kwa vibambo katika ngazi mbili. Ngazi ya kwanza ni upana wa mstari, na ngazi ya pili ni kasi, yaani vibambo ambavyo msomaji anapewa kwa kila sekunde.

Tarakimu hizi hazikushuka kutoka mbinguni. Katika televisheni za Ulaya ilizoeleka kanuni ya sekunde sita: nukuu ya mistari miwili iliyojaa inakaa kwenye skrini kwa sekunde sita. Karamitroglou, katika mapendekezo yake ya mwaka 1998, alishika njia hiyo kwa mistari ya vibambo vipatavyo 35, jambo linalotupa kasi ya takriban vibambo 12 kwa sekunde. Baadaye kasi zilipanda. Wafasiri wa kujitolea wa TED, ambao miongoni mwa lugha zao kimo Kifilipino, huelekezwa wasizidishe vibambo 42 kwa mstari na vibambo 21 kwa sekunde. Mwaka 2018 Szarkowska na Gerber-Morón walichapisha utafiti uliofuatilia mwendo wa macho ya watazamaji, wakaonesha kwamba watazamaji wengi wanaweza kwenda sambamba na manukuu ya kasi ya vibambo 20 kwa sekunde.

Matokeo hayo yamewafanya baadhi ya watu waamini kwamba tatizo la ufupishaji limekwisha. Sioni hivyo. Utafiti huo ulitumia vipande vya filamu. Katika filamu, jicho likitoka kwenye nukuu linakwenda kwenye uso wa mwigizaji, na uso husomeka kwa mtupo mmoja. Mhadhara wa kitabibu una slaidi. Slaidi ina maandishi yake, jedwali lake na picha ya kipimo chenye mistari miwili, na mara nyingi imeandikwa kwa lugha ambayo msomaji wa nukuu haimudu vizuri. Mtazamaji analipa kwa fungu lile lile la sekunde ili asome nukuu na aitafute picha inayozungumziwa. Kwa sababu hiyo, katika uchambuzi huu nimechukua kikomo cha vibambo 15 kwa sekunde, ambacho ni cha juu kuliko kanuni ya sekunde sita na cha chini kuliko kile cha TED.

3. Kifungu na bajeti yake

Mhadhiri anasema, kwa Kiingereza na kwa mwendo wa haraka, maneno ambayo kwa Kiswahili maana yake ni hii: sasa, hapa Nchelenge, kipimo cha haraka kikitoa majibu chanya, hiyo haina maana wakati wote kwamba mgonjwa ana vimelea hai, kwa kuwa protini ya HRP2 inaweza kubaki katika damu kwa wiki kadhaa baada ya dawa kuviua vimelea. Kifungu kinachukua sekunde 14.

Tafsiri kamili ya Kifilipino, pasipo kufupisha chochote, ni hii:

```
Ngayon, dito sa Nchelenge, kapag nagpositibo ang mabilisang pagsusuri, hindi ito laging nangangahulugang may mga buhay na parasito ang pasyente, dahil ang protinang HRP2 ay maaaring manatili sa dugo nang ilang linggo matapos mapatay ng gamot ang mga parasito.
```

Tafsiri hiyo ina vibambo 259. Kwa kasi ya 15, sekunde 14 zinatupa vibambo 210. Mfasiri anadaiwa kupunguza vibambo 49, karibu sehemu moja kwa tano ya kifungu. Kama angefuata kikomo cha 21, angeruhusiwa vibambo 294 na asingelazimika kukata hata herufi moja. Kama angefuata kasi ya 12, angebaki na 168 na angelazimika kukata 91. Hivyo kiasi cha kukata hakitokani na mhadhara peke yake. Sehemu yake inatokana na uamuzi wa ofisi iliyochagua kikomo, na ofisi hiyo kwa kawaida haijausikia mhadhara.

Lazima pia tutazame kinachohesabiwa. Katika alfabeti ya Kifilipino yenye herufi 28, Ng ni herufi moja, lakini kompyuta huihesabu kuwa vibambo viwili. Katika tafsiri iliyo hapo juu herufi hiyo inajitokeza mara 16, mbali na jina la Nchelenge. Kwa upande mwingine, maandishi ya Kifilipino yana ufupisho wa asili: neno «mga», ambalo ni alama ya wingi, hutamkwa kwa silabi mbili lakini huandikwa kwa herufi tatu, na kihusishi «ng» hutamkwa kana kwamba kimeandikwa «nang». Kisha neno kama «nangangahulugang», lenye maana ya "linalomaanisha kwamba", linakula vibambo 16 kwa mpigo. Kifilipino, kama Kiswahili, hujenga kitenzi kwa viambishi, na uzito wa sentensi hukusanyika ndani ya maneno machache marefu. Kikomo kilichopimwa kwa lugha yenye maneno mafupi hakilingani na lugha ya namna hii kwa sababu tu tarakimu zimeandikwa sawa.

4. Ufupisho unaofaulu mtihani na kushindwa kazi

Fikiria mfasiri anayefanya kazi kwa programu inayowasha alama nyekundu kila anapozidisha kasi. Anapunguza hadi wekundu uishe. Anaweza kufikia hapa:

```
1
00:12:04,000 --> 00:12:08,000
Sa Nchelenge, kapag positibo
ang mabilisang pagsusuri,

2
00:12:08,000 --> 00:12:13,000
walang buhay na parasito
ang pasyente,

3
00:12:13,000 --> 00:12:18,000
dahil nananatili ang protina
sa dugo matapos ang gamutan.
```

Pasipo kuhesabu mpito wa mstari, nukuu ya kwanza ina vibambo 53 kwa sekunde 4, ya pili 37 kwa sekunde 5, na ya tatu 56 kwa sekunde 5. Hakuna inayofikia hata 14 kwa sekunde. Mistari ni mifupi, lugha ni sahihi, na hakuna programu itakayolalamika. Lakini Kifilipino hicho kinasema hivi: Nchelenge, kipimo kikiwa chanya, mgonjwa hana vimelea hai. Mhudumu akiamini maneno hayo, atampeleka nyumbani mtu mwenye malaria.

Kosa hili halikutokea kwa hatua moja, na inafaa tulifuate. Mhadhiri alisema kwamba majibu chanya hayana maana hiyo wakati wote. Hatua ya kwanza ilikuwa kuliondoa neno «laging», yaani "wakati wote", lenye vibambo saba pamoja na nafasi yake. Kilichobaki ni "hayana maana kwamba ana vimelea hai". Sentensi hiyo bado inaweza kutetewa, kwa sababu inakanusha uhakika na haikanushi ugonjwa. Hatua ya pili ilikuwa kuliondoa «nangangahulugang», lile neno la vibambo 16. Hapo kanusho lilikosa kitu cha kushika, likahamia kwenye vimelea vyenyewe, na «hindi» ikageuka «walang», yaani "hana". Kila hatua ilionekana kuwa ndogo, lakini jumla yake iligeuza tahadhari kuwa amri ya kinyume.

Kuna hasara nyingine mbili. Kwanza, «maaaring manatili», yaani "inaweza kubaki", imekuwa «nananatili», yaani "hubaki", na jambo linalowezekana limekuwa jambo la kila siku. Pili, "wiki kadhaa" imetoweka. Bila muda huo, mhudumu hawezi kutofautisha mgonjwa aliyemaliza dawa wiki mbili zilizopita na yule aliyetibiwa mwaka jana. Kwa wa kwanza, mabaki ya HRP2 ni maelezo ya kuaminika. Kwa wa pili, maelezo hayo hayafai hata kidogo.

Jambo la kushangaza ni kwamba hasara hizi hazikulazimishwa na kikomo. Jumla ya vibambo katika toleo hili ni 146, ilhali bajeti ilikuwa 210. Mfasiri ameacha vibambo 64 bila kuvitumia. Vingetosha kurudisha "wakati wote", "inaweza" na "wiki kadhaa", na bado akabaki na akiba. Programu humwonya anayezidisha, lakini haina alama ya kumwonya anayepunguza kupita kiasi. Huu ndio udhaifu mkubwa wa kupima kwa tarakimu: zinajua kujaa tu, hazijui kupungukiwa.

5. Ufupisho unaobeba tahadhari

Toleo linalofuata limeanzia mahali pengine. Badala ya kuuliza ni neno gani refu, linauliza ni neno gani ambalo mhudumu akilikosa ataamua vingine.

```
1
00:12:04,000 --> 00:12:08,500
Kapag positibo ang RDT,
hindi laging may buhay na parasito

2
00:12:08,500 --> 00:12:13,500
dahil puwedeng manatili sa dugo
ang protinang HRP2 nang ilang linggo

3
00:12:13,500 --> 00:12:18,000
matapos mapatay ng gamot
ang parasitong P. falciparum.
```

Nukuu ya kwanza ina vibambo 57 kwa sekunde 4.5, ya pili 67 kwa sekunde 5, na ya tatu 53 kwa sekunde 4.5. Kasi ya juu kabisa ni 13.4 katika nukuu ya pili. Jumla ni vibambo 177, pungufu ya bajeti kwa 33. Mstari mrefu kuliko yote una vibambo 36.

Tuone kilichokatwa. «Ngayon», "sasa" ya mhadhiri anayevuta pumzi, imeondoka na hakuna aliyepoteza kitu. «Mabilisang pagsusuri», yenye vibambo 20, imekuwa «RDT», kifupisho kilichoandikwa kwenye slaidi na ambacho wanaofanya kazi ya kupima malaria wamekizoea. Neno refu la "kumaanisha" limeondoka, lakini safari hii kanusho limepata pa kushika, kwa kuwa «hindi laging may» maana yake ni "si wakati wote kuna". Mgonjwa hatajwi, kwa sababu hakuna mwingine anayepimwa.

Kipo pia ambacho hakikukatwa, ingawa mkono unawasha. Badala ya «maaaring» nimetumia «puwedeng». Maneno yote mawili yana vibambo vinane, hivyo badiliko hilo halikununua nafasi yoyote. Limefanywa kwa sababu la pili ni la mazungumzo ya kila siku na jicho hulitambua mapema. Lilikuwepo neno fupi zaidi, «baka», lenye vibambo vinne tu. Lakini «baka» hubeba wasiwasi wa msemaji, kama "huenda" ya mtu asiye na hakika. Mhadhiri hana wasiwasi kwamba HRP2 inaweza kubaki katika damu, kwa kuwa jambo hilo linajulikana vema. Asichoweza kukijua ni kama imebaki kwa mgonjwa huyu. Kuokoa vibambo vinne kwa kumfanya mtaalamu aonekane anabahatisha ni biashara mbaya.

Mkato wa mistari nao una maana. Katika Kifilipino, kivumishi na nomino huunganishwa kwa «na» au «-ng». Ukikata «buhay na» juu na «parasito» chini, msomaji anabaki na kiungo kinachoning'inia na jicho hulazimika kurudi. Ndiyo maana mstari wa pili wa nukuu ya kwanza umeachwa uwe mrefu kuliko wa kwanza, ingawa ulinganifu wa mistari ungependeza macho.

6. Kinachoachwa Nchelenge na kisichoachwa Palawan

Jambo moja katika toleo la pili litawashtua wakaguzi: limeondoa jina la Nchelenge, ambalo mhadhiri alilitamka, na kuongeza P. falciparum, ambayo katika sentensi hii hakuitamka. Kwa mkaguzi anayelinganisha neno kwa neno, hayo ni makosa mawili. Nayatetea yote mawili.

Jina la Nchelenge limo kwenye slaidi na limo katika kila dakika ya mhadhara. Isitoshe, kubaki kwa HRP2 katika damu si tabia ya ufuko wa Mweru. Jambo hilo hutokea popote palipo na kimelea hicho. Jina likiachwa kwenye nukuu, mhudumu wa Palawan anaweza kudhani kwamba anasikia habari za mahali pengine zisizomhusu.

Aina ya kimelea ni habari tofauti. Nchelenge, malaria karibu yote husababishwa na P. falciparum. Mhadhiri anayezungumza na watu wa Luapula hana haja ya kuitaja kila mara, kwa kuwa wote wanajua. Palawan kuna pia P. vivax, ambayo haitengenezi HRP2. Kipimo kinachotafuta HRP2 pekee hakiwezi kuiona. Mhudumu anayesoma manukuu yasiyotaja aina anaweza kujifunza kwamba kipimo hiki hukosea upande mmoja tu, yaani kwa kutoa chanya ya uongo baada ya tiba, akasahau kwamba kinaweza kutoa hasi kwa mgonjwa wa vivax. Kwa vibambo vichache tu nukuu inamkumbusha mipaka ya somo: yanayosemwa hapa ni ya falciparum.

Hapa ndipo nadharia ya kawaida ya ufupishaji inapohitaji kusahihishwa. Vitabu hufundisha kwamba mfasiri aondoe kinachojirudia na kinachoeleweka bila kutajwa. Lakini kinachoeleweka bila kutajwa si mali ya matini, ni mali ya hadhira. Mhadhara unapovuka bahari, ukimya wa mhadhiri nao unahitaji kufasiriwa. Mfasiri asiyejua epidemiolojia ya pande zote mbili atatunza maneno yaliyotamkwa na kupoteza yale yaliyonyamaziwa.

Uzito wa majibu chanya nao si sawa katika pande hizi mbili. Mahali penye maambukizi mengi kama Nchelenge, aliyetibiwa mwezi uliopita anaweza kuwa na mabaki ya protini, na anaweza pia kuwa ameambukizwa upya. Ndiyo sababu mhadhiri alisema "si wakati wote", na ndiyo sababu hadubini inahitajika kuamua. Mahali panapokaribia kutokomeza, kila kisa huchunguzwa na kufuatiliwa hadi nyumbani. Chanya moja isiyo ya kweli inaweza kuamsha msafara mzima wa wachunguzi, na chanya ya kweli iliyopuuzwa inaweza kurudisha maambukizi kijijini. Neno «laging» limebeba mizigo yote miwili kwa vibambo sita.

7. Namna ya kugundua kosa

Kama tarakimu hazigundui, nani agundue? Kurudisha tafsiri kwenye lugha ya kwanza ni njia inayojulikana, lakini ina kasoro moja: anayerudisha akiwa amesikia mhadhara, akili yake hujaza mapengo bila yeye kujua. Anayefaa ni tabibu anayejua Kifilipino na ambaye hajasikia mhadhara. Apewe manukuu matupu, bila sauti na bila slaidi.

Njia ya pili ni swali la uamuzi. Badala ya kumwuliza mtazamaji kama ameelewa, ambapo karibu kila mtu hujibu ndiyo, aulizwe: mama aliyemaliza dawa wiki mbili zilizopita amerudi na homa, na kipimo ni chanya, utafanya nini? Aliyesoma toleo la kwanza atasema hana malaria, arudi nyumbani. Aliyesoma la pili anatarajiwa kusema kwamba kipimo hakitoshi, damu itazamwe kwa hadubini. Tofauti ya majibu ndiyo kipimo cha nukuu. Swali moja kwa kila kifungu chenye tahadhari linatosha, na halihitaji maabara ya macho.

8. Funzo kwa manukuu ya Kiswahili

Ng'ambo ya Nchelenge, upande wa Kongo, kuna Kilwa na Pweto, na huko Kiswahili ni lugha ya soko, shule na zahanati. Upande wa Zambia lugha ya mkoa ni Kibemba. Mhadhara huu huu ungeweza kuhitajika kwa Kiswahili na wahudumu walio kwenye ziwa lile lile, na ingetokea mitego ile ile.

Mfasiri wa Kiswahili anaweza kuandika: "Kipimo chanya hakithibitishi daima kuwa mgonjwa ana vimelea hai." Kwa mistari miwili hiyo ni vibambo 63. Lakini "hakithibitishi daima" husomeka kwa njia mbili: kwamba si wakati wote kinathibitisha, au kwamba hakithibitishi kamwe. Kitenzi chetu humeza kanusho ndani yake, na kielezi kinachofuata hakijui kama kiko ndani au nje ya kanusho hilo. Dawa yake ni kulitoa kanusho nje ya kitenzi:

```
Kipimo kikiwa chanya,
si kila mara mgonjwa ana vimelea hai
```

Hivyo ni vibambo 57, sawasawa na nukuu ya Kifilipino, na utata umekwisha. Sentensi iliyo wazi zaidi imetokea kuwa ndiyo fupi zaidi. Haitatokea hivyo kila mara, na pale isipotokea, uwazi upewe nafasi.

Kwa wanaoshauri juu ya sera ninapendekeza mambo matatu. Mosi, kikomo cha kasi kwa mihadhara yenye slaidi kiwekwe peke yake, kisiazimwe kutoka kwenye filamu, na kijaribiwe kwa wasomaji wa Kiswahili wenyewe. Pili, kabla ya kazi kuanza, mtaalamu wa somo aweke alama kwenye maneno yasiyoguswa: kanusho, kiwango cha uhakika, muda, kipimo cha dawa, sharti na aina ya kimelea. Mfasiri akate kokote kwingine, na akishindwa kubaki ndani ya kikomo, akizidishe kikomo hapo na aandike sababu. Tatu, ukaguzi wa manukuu ya afya usikubaliwe kwa ripoti ya programu pekee mpaka swali la uamuzi liwe limejibiwa na watu wa hadhira inayolengwa.

Pendekezo la pili ndilo litakalopingwa zaidi, kwa sababu linaongeza kazi na malipo ya mtaalamu mmoja. Katika kifungu tulichokichambua, kazi hiyo ingekuwa kupiga mstari chini ya maneno manne: «laging», «maaaring», «ilang linggo», na jina la kimelea ambalo halikutamkwa. Ni kazi ya dakika moja kwa mtu anayeijua malaria, na mfasiri aliyeachiwa tarakimu peke yake hawezi kuifanya kwa niaba yake.